Urari Umelingana

Siku ya mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo, mwenyekiti, mzee Zebedayo, aliinua karatasi moja juu ya kichwa chake, akaizungusha polepole ili hata waliokaa nyuma, karibu na masufuria ya pilau, waione.

"Huu ndio urari wetu," alisema. "Debiti hizi hapa, krediti hizi hapa. Zimelingana mpaka shilingi ya mwisho. Sasa mtu akisimama akasema hela yake imepotea ofisini, mimi nashindwa kumwelewa."

Ukumbi ukapiga makofi. Nawajua watu wa Same, mimi ni mmoja wao. Tukishasikia harufu ya pilau tunapigia makofi chochote, hata tangazo la msiba.

Aliyekuwa akipigwa kijembe ni Faustina, mjane kutoka Vudee, juu kule milimani. Alikaa safu ya mbele, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya goti, na mapajani ana mfuko wa nailoni wenye stakabadhi zake. Chama kilikuwa kimemwandikia kwamba hajalipa mkopo wake kwa miezi mingi, na kwamba shamba aliloweka dhamana litapigwa mnada. Yeye alisema amelipa kila mwezi bila kukosa. Ndilo jambo aliloshuka kulisema, na ndilo alilojibiwa kwa karatasi.

Nikasimama. Mimi ni mwalimu wa utunzaji wa vitabu vya hesabu, nimefundisha sekondari hapa Same mpaka nywele zimeanza kubadilika rangi, na kuna mambo yakisemwa mbele yangu siwezi kukaa.

"Mwenyekiti, samahani," nikasema. "Urari hauthibitishi hivyo."

"Mwalimu Salama, karibu, lakini kwa ufupi. Watu wana njaa."

"Kila shilingi kwenye vitabu huandikwa mara mbili, debiti akaunti moja na krediti akaunti nyingine. Urari unachukua masalio ya akaunti zote na kuuliza swali moja tu: jumla za pande mbili zinalingana? Zikilingana, tumejua kwamba kila kilichoandikwa kushoto kina mwenzake kulia. Basi. Urari haujui kama mwenzake huyo ni wa kweli. Mimi nikichukua maharage ya Faustina nikayamimina kwenye gunia la jirani yake, kisha tukapima magunia yote kwa pamoja, uzito utakuwa uleule. Mizani haitasema maharage ni ya nani."

Kuna waliocheka, wengine wakanong'onezana. Mzee Zebedayo akanitazama kwa huruma, ile huruma wanaume wa umri wake wanayoitoa kwa mwanamke aliyesoma.

"Mwalimu, wewe unatuletea mambo ya ubaoni. Mkaguzi kasaini. Meneja kasaini. Umebalansi." Akaipigapiga karatasi kwa kidole. "Au unataka kusema kuna mtu kaiba?"

"Sijasema mtu kaiba. Nimesema huo urari si jibu la swali lake."

"Basi alete ushahidi kabla ya mnada. Ajenda inayofuata."

Nikakaa, mashavu yananiwaka. Faustina aligeuka akanitazama. Pilau lilikuwa zuri, nilisikia watu wakilisifu. Mimi sikula.

Mkutano ulipovunjika nilimfuata nje nikamwomba anionyeshe mfuko wake. Stakabadhi zilikuwa za kweli, za chama, zenye mhuri na sahihi ya Irine, karani wa dirishani. Kila moja ilikuwa ya shilingi laki moja na themanini elfu, kiasi kilekile cha rejesho la Faustina kwa mwezi. Lakini palipoandikwa "Imepokelewa kutoka kwa" palikuwa na jina la Vitus.

"Vitus ni nani?"

"Shemeji yangu, Mwalimu. Mdogo wake marehemu. Nilipoanguka nikaumia goti, barabara ile sikuiweza tena. Yeye hushuka kila siku ya gulio. Nikawa nampa."

Mtu wa mjini anaweza kuuliza kwa nini hakushtuka kuona jina la mwingine kwenye stakabadhi yake. Aulize. Watu wa milimani wanajua. Kule anayeshuka gulioni hushuka na haja za nyumba nzima na za majirani: huyu kamtuma dawa ya ng'ombe, yule kamtuma ada ya mtoto, mwingine kamtuma rejesho la mkopo. Hakuna anayeona ajabu. Jina la aliyefika dirishani ndilo linaloandikwa, na ndivyo Faustina alivyolisoma: hela imepokelewa kutoka kwa mkono wa Vitus, ambao ndio mkono alioutuma. Akaikunja stakabadhi, akaiweka kwenye mfuko, akalala usingizi.

"Na barua za kudaiwa, hukuzipata?"

"Nimepata moja. Hii ya mnada."

"Na zilizotangulia zililetwa na nani?"

"Ofisi huwapa wanaopanda juu," alisema. Hakulitaja jina, na mimi sikumlazimisha.

Wiki iliyofuata niliingia ofisini kwa Habibu, meneja wa chama. Kabla hajawa meneja alikuwa mwanafunzi wangu, kijana wa duka la vitambaa karibu na stendi, ana mwandiko mzuri na kichwa chepesi. Aliinuka nilipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habibu, nitajie makosa ambayo urari hauwezi kuyafichua."

Akacheka. Alidhani namtania. Kisha akaona sicheki, akajibu huku akiangalia dari, kama alivyokuwa akijibu darasani.

"Muamala ulioachwa kabisa, haukuandikwa popote. Kiasi kilichokosewa tangu kwenye hati ya kwanza, kikaingia hivyohivyo pande zote mbili. Debiti na krediti zilizopinduliwa. Mali ya kudumu kuandikwa kama gharama, yaani kosa la kanuni. Makosa yanayofidiana: nimezidisha jumla ya shajala, karatasi na kalamu za ofisi, laki moja upande wa debiti, na riba nikaizidisha laki moja upande wa krediti, yanafunikana." Akasita. "Na kuandika kwenye akaunti ya mtu mwingine."

"Hilo la mwisho, lieleze."

"Aina ya akaunti ni sahihi, kiasi ni sahihi, upande ni sahihi. Mtu ndiye siye."

"Uliandika hivyohivyo kwenye mtihani ukapata alama zote. Sasa fungua akaunti ya mkopo ya Vitus wa Vudee."

Hakuifungua mara moja. Alisema taarifa za mwanachama ni siri, hutolewa kwa mwenyewe tu. Nikamwambia sihitaji kuziona, aziangalie yeye, na mimi nitaangalia ukuta. Nikageuza kiti nikatazama kalenda ya kampuni ya mbolea iliyotundikwa pale. Nilisikia kipanya kikibofywa, kisha kimya.

Kimya kile nimekisikia mara nyingi kwenye vyumba vya mitihani. Ni cha mtu aliyeona jibu lake ni kosa na kengele imekaribia.

"Kila mwezi, siku moja ya gulio, kuna malipo mawili, siyo?" niliuliza bila kugeuka. "Moja ni rejesho lake. Jingine linafuatia hapohapo, laki na themanini."

"Mwalimu..."

"Mtu gani analipa mkopo mmoja mara mbili kwa siku moja, kwa viwango viwili tofauti? Irine alimwona Vitus dirishani akaandika Vitus. Simlaumu sana Irine. Foleni ya gulio naijua. Lakini wewe una elimu ya kuliona hili."

Nilipogeuka alikuwa amefunga ule ukurasa. Mbele yake, kwenye kioo, palikuwa na urari, ule uleule wa mkutano. Mikopo yote ya wanachama ilikuwa mstari mmoja tu, jumla moja nene, Faustina na Vitus na mimi na wengine wote ndani yake. Ukihamisha laki na themanini kutoka kwa mmoja wetu kwenda kwa mwingine, mstari ule hautikisiki.

"Jumla ya akaunti za wanachama inakubaliana na huo mstari," Habibu alisema kwa sauti ya chini. "Kila mwisho wa mwezi nahakiki. Inakubaliana."

"Itaachaje kukubaliana? Hela haikutoka ndani ya gunia."

Akafuta uso kwa kiganja. Ndipo akaniambia, na nadhani aliniambia kwa sababu niliwahi kuwa mwalimu wake. Mkopo wa Vitus ulionekana umeisha mapema. Habibu mwenyewe alisaini barua ya kumaliza deni, akamrudishia hati yake ya dhamana. Kisha, kwa kuwa Vitus alionekana mlipaji bora kuliko wote wa Vudee, chama kikampa mkopo mwingine, mkubwa zaidi, na saini ya Habibu ilikuwa pale pia.

"Nikirudisha yale malipo kwa Faustina, deni la zamani la Vitus linafufuka, na halina dhamana. Mkaguzi ataniuliza mimi. Bodi itaniuliza mimi. Nina watoto, Mwalimu."

"Na Faustina ana nini?"

"Mwenye hela aje aseme hela ilikuwa ya nani. Vitus akija akaandika barua kwamba malipo yale si yake, nitarekebisha siku hiyohiyo. Bila barua yake, mimi nina stakabadhi zenye jina lake na vitabu vilivyolingana."

Nilimchukia siku ile. Nasema wazi. Mjinga ningemsamehe, mjinga anaamini karatasi kwa sababu hajui. Habibu alijua kila kitu, halafu akajificha nyuma ya karatasi ileile ambayo mjinga anaiamini.

Nilipanda Vudee kwa bodaboda, mikono imekufa ganzi kwa kushika chuma. Faustina alinisubiri kwake. Shamba lenyewe lilikuwa hapo chini ya nyumba, matuta ya maharage chini ya migomba, mfereji wa maji pembeni, na kwenye kona kaburi la mumewe limezungushiwa mawe. Alinionyesha kwa haraka, bila kueleza. Tukaenda kwa Vitus kwa miguu, yeye akiegemea fimbo.

Tulimkuta juu ya kibanda chake kipya akigonga bati. Alishuka kwa heshima, akatukaribisha, mkewe akaleta makande. Nitasema haki yake: Vitus si mtu wa makelele wala mlevi. Ni mzee wa kanisa, ana sauti ya taratibu, na alipomshika shemeji yake mkono kumketisha alikuwa mpole kweli.

Faustina hakugusa makande. "Shemeji," alisema, "hela za mkopo nilikupa au sikukupa?"

"Ulinipa."

"Ulizipeleka?"

"Nilizipeleka zote. Hata shilingi sikuitoa. Mungu anajua, na stakabadhi nilikuletea."

"Ziliandikwa kwa jina lako," nikaingilia. "Ulimwambia Irine ni za nani?"

"Mwanzo nilimwambia. Siku nyingine watu ni wengi, unaweka hela, unapewa karatasi, unaondoka. Kuandika ni kazi ya ofisi."

Mpaka hapo sikuwa na ugomvi naye. Mpaka hapo lilikuwa kosa, na makosa ndiyo kazi yangu, nimekula kwayo miaka yote. Nikamwambia basi mambo ni mepesi: ashuke na sisi kesho, aandike maneno hayohayo aliyosema, shamba lipone.

Vitus akachukua kijiko, akakoroga makande yake ambayo yalikuwa hayahitaji kukorogwa.

"Mwalimu, mimi nina barua ya meneja. Inasema nimemaliza deni. Nilipoipata nilishangaa, nikasema labda hesabu zangu ndizo mbovu, mimi sikusoma sana. Nikakaa kimya. Sasa niende niwaambie sijamaliza?"

"Ndiyo. Kwa sababu hujamaliza."

"Mwenyekiti alisema mkutanoni vitabu vimelingana. Kila mtu alisikia. Kama vitabu vya ofisi, vyenye kompyuta na mkaguzi, vinasema ile hela ni yangu, mimi ni nani nibishane na vitabu?"

Alisema hivyo akimtazama mkewe, si Faustina. Faustina alimwita jina lake, Vitus, bila ushemeji, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe kwenye nyumba ile. Akamwambia maneno machache kwa Chasu, lugha ya Wapare, ambayo mimi, mtoto wa mjini, niliyapata nusu. Yalimhusu marehemu. Vitus aliinamisha kichwa. Kisha akasema ana bati mbili hazijapigwa na mvua inakuja, akapanda ngazi.

Nilishuka mlima nikiwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko. Niliandika kwa afisa ushirika wa wilaya, nikaambatanisha nakala za stakabadhi, nikamwomba azilinganishe namba zake na nakala za ofisini: kila mwezi ataona mbili zinazofuatana, moja ya Vitus mwenyewe, inayofuata ya Faustina. Niliieleza hoja kwa lugha ambayo hata mtoto wa kidato cha kwanza angeielewa. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa na itashughulikiwa kwa zamu.

Mnada haukusubiri zamu. Ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Shamba la hati ya kimila halinunuliwi na mpita njia, kwa hiyo walikuwepo watu wa Vudee tu, wamekaa kwenye nyasi wamenuna. Hakuna aliyetaka kuweka bei kwenye shamba la mjane. Dalali alipaza sauti, akabembeleza, akatania, watu wakamtazama tu kama hawamsikii.

Ndipo Vitus akainua mkono. Akataja bei ya chini kabisa, inayotosha lile deni la kwenye vitabu na ada ya dalali.

Na hapo, sikiliza vizuri, watu wakafurahi. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akisema afadhali. Kwao ilikuwa wazi: ndugu wa marehemu analikomboa shamba la ukoo, atamrudishia shemeji yake akalime, ndivyo inavyofanyika, na mtu anayekomboa hawekewi bei juu yake. Ni aibu kubwa kumpandishia. Kulikuwa na wawili pale wenye uwezo wa kutoa mara tatu ya ile bei. Wote walifunga midomo kwa heshima.

Nilisimama nikasema huyu analipa kwa mkopo aliopewa kwa sababu ya hela za huyu mama. Nilisema kwa sauti. Mwenyekiti wa kijiji aliniomba nisivuruge amani, mambo ya familia waachiwe familia. Dalali akagonga meza.

Jioni hiyo Faustina alimwuliza Vitus msimu ujao aanze kulima lini. Vitus alisema atamfikiria kipande cha juu, kule kwenye mawe, kwa makubaliano. Alisema ana mkopo wa kulipa.

Afisa ushirika alikuja baada ya mavuno, mwanamke kijana mwenye miwani, mchapakazi, hana maneno mengi. Alifanya nilichokuwa nimeomba tangu mwanzo: aliuweka urari pembeni, akachukua stakabadhi moja moja na kuifuatilia mpaka kwenye akaunti ya mtu. Aliyakuta malipo ya Faustina yote yamelala kwa Vitus. Njiani akakuta na mengine. Mashine ya kunakili iliyonunuliwa mpya ilikuwa imeandikwa kama matengenezo. Na lile kosa la mfano la Habibu, wallahi, alilikuta lipo kweli: kwenye majedwali ambayo Habibu alijitengenezea mwenyewe, shajala ilikuwa imezidishwa, na riba imezidishwa kiasi hichohicho. Makosa mawili yasiyojuana, kila moja limemfunika mwenzake, na juu yake sahihi ya mkaguzi.

Bodi iliitwa, nami nikaitwa kama shahidi. Marekebisho ya Faustina yaliingizwa kwanza, peke yake, mbele yetu: debiti akaunti ya mkopo ya Vitus, krediti akaunti ya mkopo ya Faustina. Habibu aliyaandika kwa mkono wake, mwandiko wake ukiwa bado mzuri. Deni la Vitus likafufuka. Deni la Faustina likazama chini ya sifuri, kwa sababu fedha za mnada zilikuwa zimeshaingizwa kwake pia, na ikaonekana chama ndicho kinachodaiwa na yeye. Kisha mzee Zebedayo akaomba urari uchapwe upya, aone.

Ulichapwa. Aliuweka kando ya ule uliochapwa asubuhi hiyo, kabla ya marekebisho, akavaa miwani, kidole kimoja huku na kingine kule, akashuka navyo mstari kwa mstari mpaka chini.

"Mbona ni ileile?" akasema. "Jumla ni ileile. Mikopo ni ileile."

"Ndiyo, Mwenyekiti," nikamjibu.

"Sasa tulikuwa tumekosea au hatukukosea?"

Nilikuwa nimengoja dakika ile kwa miezi, nimeota jinsi nitakavyoifurahia, na ilipofika sikuona utamu wowote. Mzee alikuwa na macho ya mtu aliyeswali akielekea upande usio kibla na sasa ndipo anajulishwa. Nikamwonea huruma, na hilo nalo likaniudhi.

Habibu alipewa onyo la maandishi. Irine aliondolewa dirishani. Vitus alipangiwa upya deni lake la zamani, na kwa kuwa halikuwa na dhamana, alilidhamini kwa shamba alilonunua mnadani. Chama kililikubali shamba lile kwa furaha, maana hati yake ilikuwa tayari kabatini, haikuwa imewahi kutoka. Wakili wa mjini alituambia notisi ilitolewa, dalali ana kibali, mnunuzi ana stakabadhi halali. Tunaweza kwenda baraza la ardhi tukipenda, lakini tujiandae kusubiri. Faustina ana goti bovu na umri wake naujua.

Siku ya kukabidhiwa hundi yake alishuka kwa bodaboda, amevaa kitenge cha kanisani. Mzee Zebedayo alimwomba radhi, nadhani kwa moyo wa kweli. Alimpa kiti, akamwagizia soda. Kisha, kwa kuwa hakujua afanye nini tena na mikono yake, akamwekea mezani urari mpya, akamweleza kwamba vitabu sasa ni safi, kila mwanachama yuko mahali pake.

Faustina aliisoma karatasi. Aliisoma yote, taratibu, midomo ikicheza: fedha taslimu, benki, mikopo ya wanachama, samani, akiba, hisa, riba. Alifika chini kwenye zile jumla mbili zilizolingana, akarudi juu akaanza tena.

"Mwalimu," akaniuliza, "shamba langu limeandikwa upande gani?"

Nikamwambia halimo. Nikamweleza kwamba shamba la dhamana si mali ya chama, kwa hiyo haliandikwi kwenye urari, si debiti wala krediti, na hata lilipouzwa hakuna shamba lililotoka kwenye vitabu, iliingia fedha tu.

"Halikuwahi kuwemo?"

"Halikuwahi."

Akaikunja hundi akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akachukua fimbo yake. Alimwachia mzee Zebedayo soda yake bila kuinywa, akaniomba nimsindikize mpaka barabarani, kwa sababu ngazi za ofisi ile zilikuwa zinamuumiza goti.